Skripti ya watu watatu, wewe uko peke yako na simu: namna ya kuirekebisha irekodiwe kwa mkupuo mmoja

Skripti iliyoandikwa kwa ajili ya watu watatu haigeuki kuwa ya mtu mmoja kwa kufuta majina mawili. Ukifuta tu, unabaki na mtu anayeongea hewani, na mtazamaji anaona kabisa kwamba pembeni hakuna mtu. Kazi yenyewe ni kuuliza kila kilichoondolewa kilikuwa kinafanya nini kwenye hadithi, kisha kazi hiyo ukaipa kitu ambacho mkono wako unakifikia ukiwa umekaa mbele ya simu.

Nitatumia skripti moja tangu mwanzo hadi mwisho ili tusielee. Ni kichekesho kifupi cha muuza dagaa wa mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma. Rasimu ya kwanza ilikuwa hivi:

ONYESHO LA 1. NJE, MWALO WA KIBIRIZI, ASUBUHI.
Muuzaji, mama wa makamo, anageuza dagaa walioanikwa mchangani. Simu inaita. Anafuta mikono kwenye kanga, anapokea.
MUUZAJI: Halo, nani mwenzangu?

ONYESHO LA 2. NDANI, JIKONI, TABORA.
Mteja anakula ugali kwa dagaa. Anatafuna, anaacha ghafla, anatema mchanga kiganjani.
MTEJA: Shikamoo mama. Ni mimi wa Tabora. Ule mzigo ulionitumia kwa treni una mchanga jamani! Wateja wamenirudishia.

ONYESHO LA 3. KIBIRIZI TENA.
MUUZAJI: Haiwezekani! Mimi naanika kwenye kichanja, sianiki chini kama wengine.
Jirani anapita na ndoo kichwani.
JIRANI: Mama, dagaa wako kule mchangani kunguru wanawamaliza!
Picha ya karibu: uso wa muuzaji.

Ni skripti nzuri, ila inataka sehemu mbili zilizo mbali kwa safari ya treni, waigizaji watatu, mtu wa kushika kamera na mtu wa kuunganisha vipande. Wewe una simu, ndoo ya kukalia na asubuhi moja.

Kwanza, amua simu ni nani

Hili lina uzito kuliko mengine yote yanayofuata. Kwenye filamu ya kawaida kamera haipo: waigizaji wanajifanya hawaioni. Ukiwa peke yako huna anasa hiyo, kwa sababu mkono wako ndio unaoiwasha na kuizima, na macho yako hayana pengine pa kwenda. Basi iingize ndani ya hadithi. Simu iwe mtu.

Hapa jibu liko wazi: simu ni mteja wa Tabora. Amepiga simu ya video. Kwa uamuzi huo mmoja, onyesho la 2 linafutika lote bila hadithi kupoteza kitu, na makosa ya kiufundi yanapata uhalali. Fremu ikiwa imepinda kidogo, simu ya video ndivyo ilivyo. Mkono ukionekana ukiiegesha mwanzoni, ndivyo mtu anavyopokea simu akiwa na kazi. Skripti nyingine simu itakuwa kioo cha saluni, afisa mikopo aliyekaa upande wa pili wa meza, au mtoto anayekanywa. Ukishindwa kabisa kuipata nafsi ya simu, skripti hiyo haifai kurekodiwa peke yako. Iweke mpaka upate wenzako.

Pili, waliotoka walikuwa na kazi gani

Chukua karatasi, andika kila kilichoondoka na kazi yake kwa neno moja au mawili. Mteja: kushtaki. Jiko la Tabora: kuonyesha mchanga. Jirani: kufichua uongo. Picha ya karibu: kuonyesha kwamba mama amebanwa.

Kushtaki tutakushughulikia kwenye mazungumzo. Kuonyesha mchanga na kufichua uongo vinaweza kuunganishwa, na hapo ndipo skripti inakuwa bora kuliko ilivyokuwa. Mama mwenyewe, kwa kiburi chake, achote dagaa ili athibitishe ni wasafi, awasugue viganjani juu ya sahani ya bati, na mchanga uanguke. Sahani ya bati nimeichagua kwa sababu inalia. Sahani ya plastiki ingekulazimisha kuonyesha mchanga kwa picha, na picha hiyo huna mtu wa kukupigia. Sauti haihitaji mtu wa kamera.

Jirani na ndoo yake hatumhitaji tena. Mama amejifichua kwa mikono yake, na hilo linachekesha zaidi kuliko kufichuliwa na mpita njia.

Picha ya karibu ina mtego wake. Wengi wakitaka kuonyesha kitu kidogo wanakisogeza mpaka karibu kuigusa kamera. Kamera ya mbele ya simu nyingi za kawaida imetengenezwa kwa uso ulio umbali wa mkono mmoja. Kitu kikisogea sana kinakuwa ukungu. Kwa hiyo andika kwenye skripti yenyewe: "anawainua hadi usawa wa kidevu". Kiganja kikiwa kando ya uso, umbali ni ule ule, na vyote viwili vinaonekana vizuri.

Tatu, mwanzo na mwisho viwe vidole vyako

Mkupuo mmoja unaanza kidole kikiwa kwenye kitufe na kuisha kidole kikirudi pale pale. Unaweza kukata ncha hizo baadaye, lakini mkao wa mtu aliyetoka kubonyeza kitufe huonekana hata baada ya kukata: bega bado linarudi nyuma, macho bado yanatafuta pa kutulia. Ni afadhali vidole viwe sehemu ya mchezo.

Mwanzo wetu: mkono unaiachia simu, mama anakaa, na neno lake la kwanza ni "Marahaba". Lugha yetu inamsaidia sana mwandishi hapa. Neno hilo limeshasema kuna mtu upande wa pili, ni mdogo kwa mama, na ameamkia kwa heshima. Ongeza "Tabora hamjambo?" na onyesho la 2 lote limeingia ndani ya pumzi moja. Kinyume chake ni ile "Halo, nani mwenzangu?" ya rasimu, ambayo haituambii lolote, na kwenye simu ya video haina maana kwani sura anaiona.

Mwisho: mama amebanwa, afanye nini? Afanye kila mtu anachofanya akibanwa kwenye simu. "Halo? Halo? Sikusikii." Anasogea, kidole kinakuja, kinazima. Kitufe cha kuzima rekodi kimekuwa kitufe cha kukata simu.

Nne, andika ukimya

Mteja hasikiki. Waandishi wengi hujaza pengo hilo kwa kumfanya mhusika arudie kila anachoambiwa: "Unasema mzigo wangu una mchanga? Unasema wateja wamekurudishia?" Hakuna mtu anayeongea hivyo. Rudia neno moja tu, lile linalouma. "Mchanga?" Limetosha. Mengine mtazamaji atayakisia, na kukisia ni raha yake.

Kinachomfanya mtu wa upande wa pili aaminike ni muda anaopewa wa kuongea. Ukiwa peke yako, unajua mstari unaofuata na hakuna anayekuzuia, kwa hiyo utaukimbilia. Ndiyo maana ukimya lazima uandikwe kama mstari, na kipimo chake kiwepo. Mimi napima kwa pumzi: pumzi moja ya kawaida ni kama sekunde tatu au nne. Kwenye kila ukimya andika pia uso unafanya nini, la sivyo utakuwa umekodoa macho tu. Na uso uanze kubadilika kabla pumzi hazijaisha, kwa sababu mtu akiambiwa jambo baya huwa hasubiri sentensi ifike mwisho.

Tano, ngumu ije mapema

Kwenye mkupuo mmoja, kosa la sekunde ya kumi linakugharimu sekunde kumi, na kosa la sekunde ya tisini linakugharimu kila kitu. Kwa hiyo maneno yenye hatari, yaani tarakimu, majina, sentensi ndefu za kujigamba, yasogeze mbele kadiri hadithi inavyoruhusu, na theluthi ya mwisho iwe matendo na maneno mafupi. Kwenye skripti yetu baada ya mchanga kuanguka mama hana sentensi hata moja ya kukariri. Hata ukitetemeka, tetemeko ni lake.

Andika pia mstari wa kujiokoa, ambao mhusika anaweza kuusema popote bila kuharibu. Wetu uko tayari: "Halo? Unakatika." Uweke kihalali mara moja katikati, mtandao ukionekana kusumbua kweli. Faida ni mbili. Ukisahau maneno, unao. Na mwisho wake mama anapoutumia kwa uongo, mtazamaji anakumbuka mara ya kwanza na anajua kabisa sasa anadanganya. Usiutumie zaidi ya mara mbili kabla ya mwisho, utachakaa.

Skripti baada ya marekebisho

NJE, MWALO WA KIBIRIZI, ASUBUHI. SIMU NI MTEJA WA TABORA.
Mbele ya ndoo ya kukalia: beseni la dagaa upande wa kulia, sahani ya bati mapajani.

(Mkono unaiachia simu. Anakaa, anapakata sahani.)
MUUZAJI: Marahaba, marahaba mwanangu. Tabora hamjambo?
(Pumzi moja. Anatabasamu.)
Sisi wazima. Haya, gunia limefika? Lile nililoandika jina lako kwa kalamu nyekundu?
(Pumzi mbili. Tabasamu linaanza kushuka kwenye pumzi ya kwanza.)
Mchanga?
(Pumzi moja.)
Mchanga gani mwanangu?
(Pumzi mbili. Anatazama pembeni, anarudisha macho.)
Wamerudisha wote? Halo? Unakatika... halo... ehe, sasa nakusikia.
Sasa nisikilize. Mimi tangu nianze kazi hii sijamwaga dagaa chini. Mimi ni kichanja tu. Hao wa chini unawajua, ukitafuna meno yanalia. Wangu hata mtoto wa meno mawili anakula.
(Anachota konzi ya dagaa kwenye beseni, anawainua hadi usawa wa kidevu.)
Hawa hapa. Ndio wale wale wa gunia lako. Unaona wanavyong'aa? Tazama kwa macho yako, usije ukasema mama kanidanganya.
(Anawasugua juu ya sahani. Mchanga unalia. Mikono inasimama. Anatazama sahani. Anatazama simu. Pumzi tatu.)
Halo?
(Anasogea.)
Halo, mwanangu? Sikusikii kabisa. Mtandao wa leo huu...
(Kidole kinazima.)

Kwa makadirio ya maneno mawili kwa sekunde, maneno haya yanachukua kama sekunde arobaini. Pumzi tisa ni nusu dakika, na matendo yana sekunde kumi na tano hivi. Jumla ni karibu dakika moja na nusu. Mkupuo wa dakika mbili ni mrefu sana kwa mtu asiye na mwenzake wa kumkumbusha maneno, kwa hiyo yako ikizidi hapo punguza maneno, usipunguze pumzi.

Sita, mahali pakusahihishie skripti

Nenda Kibirizi na skripti mkononi kabla ya siku ya kurekodi. Kigoma iko upande wa mashariki wa ziwa, kwa hiyo asubuhi jua linatoka nyuma ya vilima vya mjini. Ukikaa umelipa ziwa mgongo, mwanga unakupiga usoni na mitumbwi inaonekana nyuma yako. Jioni mambo yanageuka: jua linazama ng'ambo, upande wa Kongo, na ukikaa vile vile uso wako utakuwa kivuli cheusi. Kama una jioni tu, geuka uelekee ziwa na nyuma yako ubaki mji. Skripti haiharibiki, mradi usiwe umeandika "ona mitumbwi ile".

Na usiandike. Skripti ya mtu mmoja isitegemee kitu cha nyuma ambacho hukimiliki. Wavuvi wa dagaa wanatumia taa usiku, na mwezi ukiwa mpevu mavuno hupungua au hawatoki kabisa, kwa hiyo unaweza kufika mwaloni ukakuta kweupe. Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulisitishwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Skripti yetu inahitaji beseni moja la dagaa wakavu, ambalo unalinunua sokoni hata siku hizo. Mchanga uchanganye mwenyewe, uwe mkavu, kwa sababu wenye unyevu unaganda kwenye kiganja na hautalia.

Upepo ndio adui wa sahani yetu. Asubuhi mapema ziwa huwa limetulia, na kadiri jua linavyopanda upepo unaanza kuvuma kutoka ziwani. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Septemba, unaweza kuwa mkali. Upepo ukiingia kwenye maikrofoni utasikia mngurumo tu, mchanga hutausikia. Rekodi mapema, na weka kipande cha sponji laini mbele ya tundu la maikrofoni, ambalo kwa simu nyingi liko ukingo wa chini karibu na pa kuchajia. Kwa sababu hiyo hiyo usiisimamishe simu moja kwa moja mchangani: unaziba tundu, na mchanga unaingia. Igeuze ndoo ya pili, weka tofali la kuegemeza, na chini ya simu vijiti viwili viiinue kidogo.

Kuna sheria moja ya umbali ambayo naishika kwenye kila skripti: mstari wenye uzito usisemwe zaidi ya hatua mbili kutoka kwenye simu. Ukizidi hapo, sauti za watu na injini za boti zinaanza kukushinda. Kama rasimu yako ina mhusika anayeongea huku anaondoka, mfanye aongee kwanza, kisha aondoke.

Kukariri na kurekodi

Usikariri maneno, kariri vitu: sahani, tabasamu linaloshuka, mtandao, beseni, sahani tena. Hivyo ni vituo vitano, na kati ya kituo na kituo maneno yanaweza kuteleza kidogo bila madhara. Fanya zoezi kuanzia mwisho. Anza na kusugua hadi kuzima, kisha beseni hadi kuzima, kisha ongeza nyuma yake. Wanaoanzia mwanzo kila mara huujua mwanzo kama sala na mwisho wanaubahatisha.

Kabla ya kubonyeza, washa hali ya ndegeni, maana simu ikiingia inaweza kukatisha rekodi. Gusa uso wako kwenye skrini na ushikilie mpaka mwanga na fokasi vifungwe. Kwenye iPhone utaona AE/AF LOCK. Usipofunga, ukiinama kwenye beseni picha nzima itabadilika mwanga. Ukishapanga fremu, funika skrini kwa karatasi, uache lenzi na kitufe tu. Macho yatajipeleka kwenye picha yako mwenyewe kila ukisahau, na mteja wa Tabora ataonekana unamwangalia kifuani. Hakikisha pia nafasi ipo: video ya 1080p kwenye simu nyingi inakula kama MB 130 kwa dakika, basi mikupuo kumi ya skripti hii ni karibu GB 2.

Namna ya kujua imefaulu

Tazama mara moja bila sauti, kisha sikiliza bila kutazama. Bila sauti, uone kama pale kwenye "Mchanga?" uso umebadilika kabla ya mdomo. Bila picha, usikie kama mchanga unalia kweli. Halafu mpe mtu ambaye hajui lolote na umuulize maswali matatu: anaongea na nani, yuko wapi huyo, na kwa nini mama amekata simu. Akikosa la kwanza au la pili, tatizo liko kwenye mistari miwili ya mwanzo, pengine umeikimbiza. Akijibu la tatu kwamba mtandao ulikuwa mbovu, ama mchanga haukusikika, ama hukuzikamilisha zile pumzi tatu. Mara nyingi ni pumzi. Mchanga hurekebishwa kwa konzi kubwa zaidi na sahani kavu. Pumzi hurekebishwa kwa kuhesabu kwa vidole vya mguu, ambavyo kamera haivioni.

Ukitamani bado jiko la Tabora lionekane, usilibandike kwenye video hii. Mtafute mwenzako aliyeko Tabora arekodi upande wake, naye peke yake, mkupuo mmoja, simu yake ikiwa ndiyo mama wa Kibirizi. Mtumie sauti ya video yako aivae kwenye sikio moja anaporekodi, ili maneno yake yaingie ndani ya pumzi ulizomwachia. Sentensi zake zitalazimika kuwa fupi: pumzi mbili ni sekunde saba hivi, na ndani ya hizo lazima amshtaki mama na kutema mchanga.